"Chukua" na "nikifa chukua": ardhi iliyogawanywa kwa mdomo

Mzee ana ekari mbili Chanika, hazijapimwa. Jumapili moja anatembea shambani na wanawe watatu huku akionyesha kwa fimbo: kuanzia mwembe huu mpaka minazini ni ya mkubwa, bondeni ya wa pili, kule barabarani ya mdogo. Mkubwa anajenga vyumba viwili, na wa pili anapanda mihogo na kuzungushia michongoma. Mdogo yuko kazini Mwanza, hivyo kipande chake mzee anaendelea kukilima na mahindi anauza mwenyewe. Miaka sita baadaye mzee anafariki.

Wawili wa kwanza wana hoja nzito. Walipewa baba akiwa hai, wakapokea, wakashika. Zawadi iliyokamilika hivyo si mali ya marehemu tena, kwa hiyo haiingii kwenye mirathi. Kwa Waislamu hii ni hiba, nayo inataka mambo matatu: kutoa, kukubali na kukabidhi. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Mdogo alionyeshwa tu, hakukabidhiwa. Kipande cha barabarani, ambacho kwa bei ya leo huenda kinazidi vile viwili, kinarudi kugawanywa kwa warithi wote, wakiwemo mama na dada zao ambao siku ile hawakuitwa.

Sasa tuseme mzee alitamka "nikifa, hapa pako". Hiyo si zawadi, ni wosia, na wosia una masharti yake. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wana watatu na fimbo ya baba hawatoshi. Kwa sheria ya Kiislamu, mrithi hausiwi mali mpaka warithi wenzake waridhie baada ya kifo.

Kiwanja chenye hati ni kigumu zaidi. Uhamisho wake hauna nguvu mpaka usajiliwe, kwa hiyo hata aliyejenga ghorofa atakuta jina kwenye hati bado ni la baba. Na nyumba anayoishi mama, mzee haruhusiwi kuigawa bila ridhaa yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda.

Ugomvi ukifika mahakamani, swali huwa la kawaida kabisa: nani alikuwepo, nani amekuwa akilima, majirani wanajua mpaka wa nani uko wapi? Ndiyo maana mzee aliye hai akigawa, mimi ningeomba karatasi moja yenye mipaka na tarehe, sahihi za mama na watoto wote, wa kike pia, na majirani wawili, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na yule wa Mwanza atume hela ya kupandiwa migomba.