"Nitakukumbusha Alhamisi": ahadi ambayo hakuna wa kuitimiza

Tuchukue ujumbe mmoja, wa aina ambayo namba ya WhatsApp ya chama cha msingi cha kahawa huku Moshi inaweza kuupokea wakati wowote wa msimu. Mkulima wa Kibosho ametuma PDF ya bei za mnada, chini yake akaandika: "Ifungue hiyo uniambie daraja la AA limeuzwaje, cheki mtandaoni kama wiki hii kuna mvua, halafu nikumbushe Alhamisi saa moja asubuhi nilete kahawa." Anayejibu ni modeli ya akili mnemba, na ikiachwa hivihivi huelekea kuitikia yote matatu. Itasema imefungua, imeangalia, na itakumbusha. Alhamisi itapita kimya na mzee atabaki nyumbani na magunia yake.

Modeli inatoa maandishi, basi. Kufungua faili, kuingia mtandaoni na kupiga kengele ni kazi ya programu iliyoibeba. Programu hiyo inapopeleka ujumbe wa mkulima kwa modeli, inaambatanisha orodha ya zana ilizo nazo. Modeli ikitaka kutumia mojawapo inaandika wito wenye jina la zana na taarifa zake, programu inautekeleza, kisha inairudishia matokeo. Kama ombi lilikuja hivi:

```
"tools": []
```

basi hakuna wito wowote unaowezekana, hata jibu liwe tamu kiasi gani.

Ugumu unaanza pale ambapo mwandishi wa maelekezo ya mfumo, yaani maandishi modeli inayopewa kabla ya mazungumzo, hajui ni programu gani itakayoyatumia. Maelekezo yaleyale yanaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya katibu wa chama, ambako zana ya kusoma mafaili ipo, na pia kwenye namba ya WhatsApp ambako haipo. Ukiandika "unaweza kufungua mafaili na kuweka vikumbusho", umesema kweli ofisini na umedanganya shambani. Kwa hiyo siorodheshi uwezo kabisa. Naiambia modeli itazame kilichomo ndani ya ombi lililo mbele yake.

Faili ndiyo yenye mitego mingi, kwa sababu swali la kama modeli "inaweza kufungua mafaili" si swali sahihi. Linalotakiwa kuulizwa ni kama maneno ya faili yamo kwenye mazungumzo. Kuna programu zinazoichambua PDF zenyewe na kumwaga maandishi yake yote ndani ya ombi. Hapo modeli inayasoma moja kwa moja bila zana yoyote, na ikidai haiwezi inakuwa imemnyima mkulima jibu alilostahili. Programu nyingine inapitisha jina tu, `bei_mnada.pdf`, bila neno hata moja la ndani. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Jina linatosha kuifanya modeli ikisie jedwali lilivyo, na itatoa bei ya AA yenye desimali mbili ambayo haimo popote. Kuna pia PDF ya picha, yaani karatasi iliyopigwa skani ofisini: programu inajaribu kutoa maandishi, inapata ukurasa mtupu, na modeli inaona jina na utupu. Dawa ni ileile kwa zote. Kila bei inayotajwa itoke kwenye mstari unaoonekana, na kama mstari haupo, modeli iseme imeona jina la faili tu na imwombe mkulima aandike au abandike ule mstari wa AA.

Mtandao hauna mengi. Bila zana ya kutafuta, modeli ina yale iliyofunzwa nayo, na mvua ya wiki hii haimo. Imwelekeze mkulima kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na iendelee.

Ukumbusho nao unaonekana mdogo, lakini unahitaji vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Modeli huamka pale tu ombi linapoingia. Ikishajibu, hakuna kinachosubiri Alhamisi. Haina saa, na hata tarehe ya leo haiijui mpaka programu iiandike ndani ya ombi. Ili kikumbusho kiwe cha kweli lazima pawepo zana ya kukihifadhi, seva inayoangalia saa, na njia ya kumfikia mtu. Hiyo njia ina geti lake: kwa namba za biashara zinazoendeshwa na programu, WhatsApp inaruhusu kuandika kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho. Zikipita, unatuma tu kiolezo kilichoidhinishwa kabla. Mkulima akiandika Jumatatu, Alhamisi dirisha limeshafungwa. Kwa hiyo hata pale zana ipo, modeli isiseme imeweka mpaka matokeo ya wito yarudi bila kosa.

Na zana ikiwepo, jihadhari na saa yetu. "Saa moja asubuhi" ya Kibosho ni `07:00`, na modeli isiyoonywa inaweza kuipelekea zana `01:00`. Alhamisi ya tarehe 16 Oktoba 2025 inatakiwa itoke hivi:

```
2025-10-16T07:00:00+03:00
```

Zana ikikosekana, bado ipo kazi ya kufanya kwa maandishi matupu: kumtungia mkulima mstari mfupi wa kubandika kwenye kengele ya simu yake, wenye siku, saa na cha kubeba, na kumwambia wazi kwamba kengele ataiweka yeye. Hiyo inamsaidia kuliko "siwezi" kavu.

Maelekezo ninayoyaweka ni mafupi:

```
Tumia zana zilizoorodheshwa kwenye ombi hili tu.
Usiseme "nimefanya" kabla matokeo ya zana hayajarudi.
Usiseme "nitafanya" kwa jambo la baada ya jibu hili
kama hakuna zana inayolihifadhi.
Zana ikikosekana: sema kinachokosekana kwa sentensi moja,
kisha fanya sehemu inayowezekana kwa maandishi.
Saa za Kiswahili: saa 1 asubuhi = 07:00.
```

Ile "sentensi moja" nimeiweka makusudi. Bila hiyo modeli inageuka upande wa pili, inaanza kila jibu kwa orodha ya visivyowezekana, hata kwa mtu aliyeuliza tu tafsiri ya neno. Pia isitangaze kwamba "mfumo huu hauna vikumbusho", kwa kuwa haijui. Pengine simu ya mkulima inavyo, au kesho programu itaongezewa zana. Inachokijua ni kwamba hapa, sasa, haioni zana hiyo.

Kukagua ni rahisi kwa sababu Kiswahili kinaufichua uongo kwenye kitenzi: `-me-` kwa kilichodaiwa kufanyika, `-ta-` kwa kilichoahidiwa. Kama logi yako inaandika zamu nzima ya modeli, pamoja na wito wa zana, kwenye mstari mmoja, na wito huo una alama ya `tool_use`, hii inatosha:

```
grep -iE 'kumbush|mefungua|meangalia' logi.jsonl | grep -v tool_use
```

Nimetafuta mzizi `kumbush` na si "nitakukumbusha", kwa kuwa modeli huandika pia tutakukumbusha, ntakukumbusha na utakumbushwa. Logi iwe ya majibu peke yake, la sivyo kila "nikumbushe" ya wakulima itajaa humo. Mistari inayobaki isome kwa macho. Mingine ni halali, kama ile inayomwambia mtu ajiwekee kengele mwenyewe. Iliyo na `-me-` au `-ta-` bila wito ndiyo ya kushughulikia, na kabla hujagusa maelekezo, fungua ombi lenyewe uone kama orodha ya zana ilifika. Mara nyingine programu ndiyo iliyosahau kuiambatanisha.