Mwimbaji wa Pawa Metali Haimbi Haraka

Wale waimbaji wa pawa metali, ule muziki wa roki mzito wa gita kali na dramu za kasi, huwezaje kuimba kiitikio kwa kasi ile bila kuishiwa pumzi?

Hawakiimbi kwa kasi. Wanaokimbia ni miguu ya mpiga dramu na mkono wa mpiga gita. Mwimbaji mwenyewe, mara nyingi, anatoa silabi mbili hivi kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nami niliamini kinyume chake kwa miaka mingi. Niliamini mambo mawili: kwamba mwimbaji anakimbizana na dramu, na kwamba kiitikio kinapoingia wimbo mzima unaongeza mwendo. La pili ndilo lililonishika zaidi, kwa sababu mwili wote unakubaliana nalo. Ubeti unatembea, dramu zinajikusanya, kisha kiitikio kinafunguka na unahisi umesukumwa mbele. Nilipoanza kupiga wimbo sambamba na metronomu, kifaa kinachogonga mwendo usiobadilika, nikaona kitu nisichokitarajia. Metronomu niliyoiweka sawa na ubeti iliendelea kulingana na kiitikio, pigo kwa pigo, hadi mwisho. Mwendo haukuwa umebadilika hata kidogo. Nikajaribu wimbo mwingine, na mwingine. Zipo nyimbo zinazobadili mwendo kweli, na bendi isiyorekodi kwa metronomu huweza kusogea kidogo, lakini katika nyingi nilizozipima kasi ya kiitikio ilikuwa ileile ya ubeti.

Aina hii ya muziki ilipata sura yake Hamburg, Ujerumani, pale bendi ya Helloween ilipotoa albamu mbili mfululizo mwaka 1987 na 1988. Walichukua dramu za metali ya kasi wakaziwekea juu sauti pana na ya juu ya mwimbaji wao Michael Kiske, yenye noti ndefu ambazo umati unaweza kuzifuata. Stratovarius wa Ufini waliendeleza njia hiyo, Rhapsody wa Trieste, Italia, wakaingiza okestra na hadithi za mapanga na mazimwi kuanzia 1997, na Nightwish wa Kitee, nao wa Ufini, wakawa jina kubwa la upande wa simfoniki, yaani ule wenye okestra. Mengine tuyaache, maana jambo lenyewe limo ndani ya sekunde sita za muziki.

Tuzitengeneze sekunde hizo. Chukua mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, wa kawaida kabisa katika muziki huu. Sasa tunga mstari wa kiitikio: “Juu ya milima, joka linaruka.” Una silabi kumi na mbili, sita kila upande. Mpe mwimbaji pigo moja kwa kila silabi, ila silabi ya mwisho ya kila upande, “ma” na “ka”, aivute kwa mapigo matatu. Jumla ni mapigo kumi na sita, na kwa mwendo wa 160 mapigo hayo yanachukua sekunde sita kamili. Silabi kumi na mbili kwa sekunde sita ni silabi mbili kwa sekunde. Utamke mstari huohuo kama unavyozungumza na utaona kwamba sekunde mbili au tatu zinatosha. Kwa hiyo mwimbaji ameurefusha, tena kwa kiasi kikubwa. (Kiswahili, kwa njia, kinaufaa muziki huu sana: karibu kila neno linaishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayovutika.)

Wakati huohuo mpiga dramu ana pedali mbili chini ya miguu yake, na katika kila pigo moja la mwimbaji anapiga dramu kubwa mara nne. Kwa mapigo kumi na sita hiyo ni mara 64. Ni zaidi ya mara kumi kwa sekunde, zikigawanywa kati ya mguu wa kulia na wa kushoto. Mpiga gita naye huenda anakwangua nyuzi mara 64 vilevile, kiganja kikiwa kimezibana karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gita, ili kila mkwanguo uwe mfupi. Lakini akodi zenyewe, yaani mafungu ya noti yanayobeba wimbo, zinabadilika mara nne tu katika sekunde hizo sita.

Basi tuna saa tatu zinazokwenda kwa pamoja: miguu 64, silabi 12, akodi 4. Zote zinakutana kwenye pigo lilelile, hakuna inayoikimbia nyingine.

Kukaa ndani ya basi kulinisaidia kuelewa kwa nini sikio linaona kasi pale. Majani ya kando ya barabara yanapita kama mstari mmoja wa kijani, huwezi kulitenga jani hata moja. Miti ya mbali kidogo inapita mmoja mmoja, unaweza kuihesabu. Mlima ulio mbali kabisa unaonekana kama haujasogea. Ukitazama mlima peke yake huhisi mwendo, na ukitazama majani peke yake macho yanachoka upesi. Ukiviona vyote kwa mara moja ndipo unapohisi hasa jinsi basi linavyokimbia. Katika kiitikio, dramu ya mguu ni majani, sauti ya mwimbaji ni miti, akodi ni mlima.

Tena mfano huo wa majani una msingi katika sikio lenyewe. Mapigo manne kwa sekunde unayahesabu bila shida. Yakifika kumi hivi kwa sekunde huyahesabu tena, unasikia mtetemo. Yakizidi ishirini hivi kwa sekunde yanaanza kuungana kuwa sauti moja ya chini. Pedali mbili katika mwendo wa 160 zinaangukia katikati ya mipaka hiyo, mahali ambapo sikio halihesabu tena lakini bado linajua kwamba kuna kitu kinapigwa. Ninaliona hilo kuwa jambo zuri mno. Bila kupima popote, wapiga dramu walifika mahali ambapo mdundo unakaribia kugeuka noti.

Hii pia inaeleza kwa nini programu za kupima mwendo hubishana juu ya wimbo mmoja. Moja inaandika 160, nyingine inaandika 80, na watu wanadhani mojawapo imekosea. Moja imeshika tabaka la haraka, nyingine la polepole. Tofauti ikiwa ni mara mbili kamili, wimbo haujapimwa vibaya, umehesabiwa kwa saa nyingine.

Kuna kosa dogo linalofuatana na lile la kwanza, nalo ni la kiitikio cha mwisho. Mara nyingi bendi hukirudia kikiwa kimepandishwa toni nzima, na msikilizaji huapa kwamba sasa kweli wameongeza mwendo. Nadhani sababu ni kanda na sahani. Ukiharakisha kanda, sauti nayo hupanda. Ili sauti ipande toni nzima kwa njia hiyo, mwendo wa 160 ungelazimika kufika karibu 180. Sikio limezoea kuona mambo hayo mawili yakienda pamoja, kwa hiyo likisikia moja linalifikiria na la pili. Rudisha metronomu yako na utaikuta palepale kwenye 160.

Kumweka mwimbaji kwenye saa ya polepole kunamwondolea mzigo wa ulimi, lakini kunamwongezea wa pumzi. Ile “ma” ya mapigo matatu inadumu zaidi ya sekunde moja, juu kabisa ya sauti yake, na ni ndani ya muda huohuo anapaswa kuikata mapema kidogo ili avute hewa ya “joka linaruka”. Akiivuta mno, “jo” inachelewa au inatoka nyembamba. Ukisikia mwanzo wa nusu ya pili umekosa nguvu kwenye onyesho la moja kwa moja, aghalabu shida ilianzia kwenye mvuto uliotangulia.

Noti ndefu zinamfaa mwimbaji, lakini kwa kibodi za okestra ni lazima. Sauti ya violini nyingi kwenye kibodi hutengenezwa ivimbe taratibu, kama upinde unavyoanza kusugua uzi. Tuseme inahitaji sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia ukubwa wake. Katika mwendo wetu, pigo moja la mguu lina nafasi isiyofika sehemu moja ya kumi. Mpiga kibodi akijaribu kufuata miguu kwa sauti hiyo, kila noti itakwisha kabla haijachanua, na utasikia uji tu nyuma ya gita. Kwa hiyo violini zinazovimba hupewa saa ya akodi, na pale kinapotakiwa kishindo cha noti za haraka huchaguliwa sauti inayoanza papo hapo: hapsikodi, ile ala ya vibonyezo inayodonoa nyuzi, au violini zilizorekodiwa kwa upinde mfupi wa kukatakata. Hapsikodi inayosikika sana kwa wapiga kibodi wa mtindo huu ina uzuri wake wa kizamani, lakini pia ni miongoni mwa ala chache za kale zinazoweza kukimbia sambamba na pedali mbili zikaeleweka.

Hata violini za saa ya polepole zina mtego wake. Kwa kuwa zinavimba, akodi iliyopigwa sawasawa kwenye pigo husikika imechelewa. Dalili yake ni okestra inayoonekana kuburutwa na dramu, hasa mwanzoni mwa kila akodi. Dawa ni kubonyeza mapema kidogo, au studioni kuisogeza sauti yote ianze mapema kwa sehemu ndogo ya sekunde mpaka uvimbe wake ukutane na pigo. Okestra ya watu haimalizi tatizo hili. Nightwish walitegemea sana kibodi za Tuomas Holopainen kwenye albamu zao za mwanzo, na kwa albamu yao ya 2004 wakarekodi okestra mjini London, lakini upinde ni upinde, na noti ndefu bado ndizo zinazoipa nafasi ya kusikika juu ya gita.

Ukitaka kuyasikia haya yote mwenyewe, chagua wimbo wowote wa aina hii na uanze kugonga mguu wako kwenye ubeti, polepole, ukifuata kichwa kinavyotaka kutikisika. Kiitikio kikiingia usiufuate mshawasha wa kugonga haraka. Endelea vilevile, kisha elekeza sikio kwenye dramu ndogo ile yenye mlio mkali. Katika baadhi ya nyimbo utakuta kwamba kwenye kiitikio inapigwa mara chache kuliko kwenye ubeti, nusu yake kabisa, palepale unapohisi kila kitu kimeanza kukimbia.