Kisengere nyuma na viambishi vya wakati: yanayoaminiwa na yalivyo

Hadithi nyingi ninazosoma kabla hazijachapishwa huharibikia mahali pamoja. Mwandishi anaanza vizuri, -li- na -ka- zinakwenda sambamba, halafu mhusika anakumbuka jambo la zamani, na kisengere nyuma kinaanza. Hapo msomaji anapotea: hajui nani yuko chumbani na nani alishaondoka. Chanzo mara nyingi ni kanuni ambazo mwandishi alifundishwa, akazishika kwa moyo mmoja, kumbe si kweli.

Dhana: Hadithi ikiwa ya wakati uliopita, kila kitenzi kiwe na -li-

Hii ndiyo inayoleta madhara makubwa, maana anayeisahihisha hadithi kwa kanuni hii huharibu hata palipokuwa sawa. Nimeona mswada ambao sentensi "Nilimkuta amelala" ilikatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake pakaandikwa "Nilimkuta alilala". Iliyokatwa ndiyo sahihi.

Kwa Kiswahili, kitenzi cha kwanza kikishatia nanga katika wakati uliopita, kitenzi kinachokifuata hupimwa kuanzia hapo. Hakipimwi kuanzia leo. "Nilimwona anavuka barabara" maana yake ni kwamba kuvuka kulikuwa kunaendelea wakati ule nilipomwona. "Nilimkuta amelala" ni kwamba usingizi ulikuwa umeshamchukua kabla sijafika. Hiyo -na- na hiyo -me- hazimtoi msomaji katika hadithi kumleta leo.

Tazama maneno ya kuripotiwa, tofauti inaonekana wazi zaidi. "Alisema anakuja" ni mtu aliyeko njiani. "Alisema alikuja" ni mtu aliyefika, pengine hakutukuta, akarudi zake. Ukibadilisha -na- kuwa -li- kwa nia ya kulinganisha nyakati, umebadilisha kisa chenyewe.

Maelezo ya mandhari nayo hufuata njia hii. "Mzee alikuwa amekaa barazani, kanzu ameikunja magotini, bakora ameilaza pembeni." *Alikuwa* moja inatosha kuvibeba vitenzi vyote vya hali vinavyofuata. Ukiandika "aliikunja, aliilaza", msomaji anamwona mzee akifanya vitendo viwili mbele yake, ilhali wewe ulitaka aone picha iliyotulia.

Dhana: -ka- ni "na" tu, inaunganisha matukio yaliyopita

-ka- ni hatua ya mbele. Kila inapotokea, saa ya hadithi inasogea. "Alinawa akala" na "Alikula akanawa" zina vitenzi vilevile, lakini mmoja alikula kwa mikono safi na mwingine alinawa baada ya kushiba. Mpangilio umebebwa na -ka- peke yake, bila "kisha" wala "baadaye".

Kwa sababu hiyo -ka- haiwezi kurudi nyuma. Ukisimulia jambo la miaka saba iliyopita kwa -ka- inayofuatia tukio la leo asubuhi, msomaji atalipanga baada ya asubuhi hiyo, hata ukiandika mwaka. Na inahitaji kitenzi cha kuishikilia, kwa kawaida chenye -li-, ndiyo maana aya inayoanza na -ka- baada ya maelezo marefu huonekana inaelea. Ukanushi wake nao huazimwa kwingine: "akaondoka, hakugeuka", au kama wengi wanavyosema pwani, "akaenda zake, asirudi tena".

Dhana: Kisengere nyuma chote kiandikwe kwa "alikuwa ame-"

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitatumia mfano niliojitungia. Kwanza ulivyo na kasoro:

"Mwanaidi alisukuma mlango akaingia. Chumba kilikuwa kikinuka vumbi, dirisha lilifungwa, shuka ilikunjwa. Akaliona sanduku la baba yake. Baba akaliacha siku aliyosafiri kwenda Unguja. Akamwambia asilifungue. Akalia. Akalifungua."

Dirisha "lilifungwa" na nani, saa ngapi? Baba ametokea wapi chumbani? Na aliyelia ni nani, baba au binti?

Mwandishi akishaambiwa hivyo, mara nyingi hukimbilia upande wa pili: "Baba alikuwa ameliacha. Alikuwa amemwita. Alikuwa amemshika bega. Alikuwa amemwambia…" Kisarufi hakuna kosa, lakini masimulizi yanakwenda kama mkokoteni kwenye mchanga. Tena "alikuwa ame-" huonyesha hali iliyobaki baada ya tendo, kwa hiyo ukiipanga mfululizo tukio linakuwa orodha ya mambo yaliyokwisha, halitembei tena.

"Alikuwa ame-" ni mlango. Unaufungua kwa kitenzi kimoja, viwili ikibidi, unaingia ndani, halafu kule ndani unasimulia kwa -li- na -ka- kama kawaida, kwa kuwa msomaji ameshajua yuko zamani. Mfano ukisahihishwa:

"Mwanaidi alisukuma mlango akaingia. Chumba kilikuwa kikinuka vumbi, dirisha limefungwa, shuka imekunjwa juu ya kitanda. Akaliona sanduku la baba yake. Baba alikuwa ameliacha hapo miaka saba nyuma, siku aliyosafiri kwenda Unguja. Alimwita mlangoni, akamshika bega, akamwambia asilifungue mpaka atakaporudi. Kisha akashuka ngazi, hakugeuka. Sasa Mwanaidi alipiga magoti mbele ya sanduku. Alilia kidogo, akalifungua."

Angalia "Alimwita". Hiyo -li- ndiyo nanga mpya, ya ndani ya kumbukumbu, na -ka- zinazofuata zinaishikilia yenyewe. "Atakaporudi" imebaki wakati ujao, maana kwa baba siku ile kurudi kulikuwa bado.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, na wengi hawatoki, wanaacha tu mlango wazi. Hapa nimeufunga kwa vitu vitatu: neno "sasa", jina kamili la mhusika badala ya kiambishi a- peke yake, na -li- mpya katika "alipiga". Njia nyingine ni kushika kitu kilichoachwa: "Mwanaidi alipoligusa lile sanduku…" Lakini "Akapiga magoti" tupu lingemtuma msomaji amwone baba anapiga magoti chini ya ngazi.

Kisengere nyuma kikiwa cha sentensi moja, hakuna haja ya haya yote. "Baba alishaondoka" yatosha, unaendelea.

Dhana: Mazoea ya zamani yasimuliwe kwa hu-

hu- haina wakati wake yenyewe. "Baba huvua pweza kila bamvua" inasomeka kama mtu anayevua mpaka leo. Ikiwa amekwisha fariki, andika "alikuwa akivua" au "alikuwa anavua". Zote mbili ni sahihi, ya kwanza ina ladha ya kimaandishi zaidi. Chagua moja uishike.

Ninapoukagua mswada, huzungushia -ka- zote za ukurasa mmoja na kuzisoma peke yake, moja baada ya nyingine, bila maneno mengine. Katika mfano wenye kasoro zinatoka hivi: akaingia, akaliona, akaliacha, akamwambia, akalia, akalifungua. Zinasikika kama mtu mmoja aliyeingia, akaliona sanduku, akaliacha, akamwambia mtu fulani, akalia, halafu akalifungua. Katika uliosahihishwa, akamshika bega, akamwambia na akashuka ngazi zinasimama pamoja chini ya "alimwita", na binti anabaki na zake: akaingia, akaliona, akalifungua.