Broka wako ana leseni, lakini mkataba wako unataja kampuni gani?

Mwaka jana binamu yangu wa Mombasa alinitumia picha ya skrini. Ilikuwa ukurasa wa broka wa foreksi, na chini kabisa palikuwa na jina la CMA, msimamizi wa masoko ya mitaji Kenya, na namba ya leseni. "Hawa ni halali," aliandika. Shilingi 13,000 alikuwa ameshaziweka. Nilimwomba afungue barua pepe ya siku aliyojisajili, atafute mkataba alioubofyea "nakubali", kisha anisomee jina la kampuni lililo kwenye aya ya kwanza. Lilikuwa jina linalofanana sana na lile la kampuni ya Nairobi yenye leseni, ila mwishoni paliandikwa kwamba kampuni imesajiliwa Ushelisheli.

Hakudanganywa waziwazi, na leseni ya Kenya ilikuwepo kweli. Ilikuwa tu si ya kampuni aliyoingia nayo mkataba. Mengi ninayoyasikia watu wakisema kuhusu kuchagua broka yananirudisha kwenye kisa hiki.

Dhana: Kampuni imesajiliwa, cheti ninacho mkononi.

Cheti cha usajili wa kampuni kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kampuni ipo. Kenya unakipata kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen, Tanzania unakipata BRELA, na mwenye duka la nguo anacho pia. Ruhusa ya kushika pesa za watu na kuwafanyia biashara ya sarafu au hisa hutolewa kwingine: Kenya ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA, na kwa soko la mitaji la Tanzania ni CMSA. Matapeli wanalijua pengo hili, ndiyo maana hupenda kutuma picha ya cheti cha usajili pamoja na namba ya mlipa kodi. Vyote viwili huwa vya kweli.

Visiwa vya ng'ambo ndivyo huwachanganya watu zaidi. Utaona broka ameandika "imesajiliwa Saint Vincent na Grenadini, namba fulani". Mamlaka ya fedha ya huko yenyewe imekwisha kutangaza kwamba haitoi leseni za foreksi. Namba ile ni ya usajili wa kampuni tu.

Dhana: Jina lao liko kwenye orodha ya CMA, basi.

Hapa ndipo binamu yangu aliponaswa, na mimi mwenyewe ningeweza kunaswa. Kanuni za Kenya za foreksi ya mtandaoni zilitoka mwaka 2017, na tangu hapo CMA huchapisha orodha ya wenye leseni katika tovuti yake, cma.or.ke. Lakini orodha hutaja kampuni, na wewe unaijua chapa. Chapa moja ya kimataifa inaweza kuwa na kampuni nne au tano: moja Nairobi, moja Saiprasi, moja Morisi, moja Ushelisheli. Zote hutumia nembo ileile na rangi zilezile, na huenda hata programu ya simu ikawa moja. Utaangukia kampuni ipi inategemea kiungo ulichobofya, hasa kama ulipewa na mtu wa Telegramu anayelipwa kamisheni kwa kila mteja anayemleta.

Kwa nini broka akupeleke kisiwani? Sababu moja ni ukubwa wa mkopo wa biashara, yaani pesa anazokuongezea broka ili ufanye biashara kubwa kuliko mtaji wako. Kanuni za Kenya zinauwekea kikomo cha mara 400 ya pesa yako. Ulaya, kwa mteja wa kawaida na sarafu kubwa, kikomo ni mara 30 tangu 2018. Ng'ambo utaahidiwa mara 1,000 au zaidi, na mgeni huona amepewa zawadi. Ikitokea mzozo, CMA haina mkono juu ya kampuni ya Ushelisheli, na malalamiko yako utayapeleka huko.

Ukaguzi wenyewe hauchukui nusu saa. Anzia kwenye mkataba, wala si kwenye tangazo, unakili jina kamili la kampuni herufi kwa herufi. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya CMA kwenye kivinjari, usipitie kiungo cha broka, kisha ulitafute jina hilo kwenye orodha. Ukilipata, tazama aina ya leseni. Dalali wa hisa ana leseni, mshauri wa uwekezaji ana leseni, ila hiyo haimpi ruhusa ya kuendesha foreksi. Mwisho linganisha anwani ya tovuti unayoitumia na ile ya kampuni iliyopewa leseni, kwa kuwa wapo wanaoiga jina zima la kampuni halali na kubadilisha herufi moja ya anwani. Ukibaki na shaka, piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya CMA. Namba aliyokupa broka itapokelewa na broka.

Halafu kuna M-Pesa. Ukilipa kwa Paybill, ujumbe wa uthibitisho hutaja jina la mpokeaji. Likiwa jina la mtu, au la kampuni usiyoiona kwenye mkataba, usirudie kutuma. Na yule "meneja wa akaunti" anayetaka umtumie kwenye namba yake binafsi ili akufanyie biashara? Kusimamia pesa za wengine katika foreksi kuna aina yake ya leseni kwenye kanuni zile za 2017. Mwulize yake iko wapi.

Dhana: Hawatozi kamisheni, kwa hiyo ni bure.

Broka anayekwambia hatozi kamisheni anajilipa kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo wafanyabiashara huiita spredi. Tuchukue mfano wa euro kwa dola, na biashara ya euro 10,000, ambapo kila pointi moja ya bei, yaani badiliko la 0.0001, ni dola 1. Akaunti ya kwanza haina kamisheni na spredi yake ni pointi 1.6, kwa hiyo kila unapofungua na kufunga biashara umelipa dola 1.60. Akaunti ya pili ina spredi ya pointi 0.3 na kamisheni ya senti 35 ukiingia na senti 35 ukitoka. Jumla yake ni dola 1 kamili. Hiyo "ya bure" imekuzidi kwa senti 60. Ukifanya biashara 40 kwa mwezi, tofauti ni dola 24, na kwa mtu aliyeanza na dola 100 hiyo ni karibu robo ya mtaji.

Usilinganishe spredi ya kwenye bango. Neno "kuanzia 0.0" linataja dakika bora ya siku. Fungua akaunti ya majaribio kwa mabroka wawili, uangalie bei zao kwa wakati mmoja, saa unazokusudia kufanya biashara, na dakika chache baada ya habari kubwa za uchumi wa Marekani kutoka. Hapo utaona nani anapanua spredi kupita kiasi.

Ipo pia riba ya kulala, inayotozwa biashara ikibaki wazi usiku. Kwa sarafu nyingi, ya Jumatano huhesabiwa mara tatu ili kufidia mwisho wa wiki. Kwa Waislamu kuna akaunti zisizo na riba, lakini soma masharti: baadhi huweka "ada ya uendeshaji" baada ya siku kadhaa, na ukiipigia hesabu unaona ni riba iliyovaa kanzu.

Ada ambayo watu wengi hawaioni kabisa ni ya kubadilisha shilingi. Zile 13,000 za binamu yangu zilibadilishwa kwa shilingi 133 kwa dola, wakati bei ya soko ilikuwa karibu 130. Alipata dola 97.74. Kutoa, broka alimbadilishia kwa 127. Angezitoa zote siku ileile bila kufanya biashara hata moja, angepata shilingi 12,413. Shilingi 587 zimekwenda, yaani asilimia 4.5, na hakuna ukurasa uliozitaja kama ada. Kiwango cha kubadilisha muulize broka kabla hujaweka, na uulize vyote viwili, cha kuweka na cha kutoa.

Dhana: Pesa za wateja ziko akaunti ya pembeni, haziwezi kupotea.

Kutenganisha pesa za wateja na za kampuni ni jambo kubwa, na kanuni za Kenya zinalidai. Lengo ni kwamba broka akifilisika, wadai wake wasizihesabu pesa zako kuwa mali yake. Kinga hiyo inafanya kazi mradi broka mwenyewe anaiheshimu.

Soko la hisa la Nairobi lilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2007 ilianguka kampuni ya udalali ya Francis Thuo & Partners. Machi 2008, wiki chache kabla ya hisa za Safaricom kuuzwa kwa umma, CMA iliiweka Nyaga Stockbrokers chini ya usimamizi wa kisheria, na mwaka 2009 ikafuata Discount Securities. Zote zilikuwa kampuni zenye leseni. Kwa Nyaga kulikuwa na wateja waliogundua kwamba hisa zao zimeuzwa bila ruhusa yao. Mfuko wa fidia ulikuwepo, lakini kikomo chake kilikuwa shilingi 50,000 kwa mwekezaji. Aliyekuwa na 40,000 alikuwa na tumaini la kuzipata zote. Aliyekuwa na milioni alikuwa na la 50,000 tu. Kwa hiyo usitosheke na kusikia kwamba mfuko upo. Uliza unalipa hadi kiasi gani, na kama unawahusu wateja wa foreksi au wa hisa peke yao.

Upande wa hisa una nafuu moja: hisa zako zimeandikwa kwa jina lako CDSC, hifadhi kuu ya hisa ya Kenya, nje ya vitabu vya dalali, na unaweza kuomba taarifa yako na kuilinganisha na ile aliyokupa dalali. Kwenye foreksi huna hifadhi ya namna hiyo. Salio unaloliona kwenye simu ni ahadi ya broka.

Na kuna hasara ambayo kinga hizi zote haziigusi. Ukiwa na dola 100 na mkopo wa mara 400 ulioutumia wote, unashika dola 40,000. Bei ikienda kinyume chako kwa asilimia 0.25, mtaji umekwisha. Euro ikiwa dola 1.10, hizo ni pointi 27 na nusu, mwendo wa alasiri ya kawaida, na broka atakuwa ameshakufungia biashara kabla ya kufika huko. Leseni haina fidia ya hilo.

Kipimo ninachokiamini kuliko nyaraka zote ni kutoa pesa mapema. Weka kidogo, fanya biashara moja au mbili, kisha omba sehemu irudi. Angalia inachukua siku ngapi, imekatwa nini, na kama ghafla wanadai nyaraka ambazo hawakuzidai wakati wa kuweka. Broka akikuambia ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungua" ndipo utoe, usilipe. Ada halali hukatwa kwenye salio lako.

Binamu yangu aliomba dola 40. Siku ya tano ziliingia kwenye M-Pesa shilingi 5,080. Iliyobaki aliitoa wiki iliyofuata, kisha akajisajili upya, safari hii akianza kwa kusoma aya ya kwanza ya mkataba.