Baa ya bluu nayo iulizwe: chati ya bajeti na matumizi halisi

Naandaa ripoti za fedha za miradi, zile zinazoenda kwa bodi na kwa mfadhili, na karibu kila mkutano naona kitu kilekile: chati inawekwa ukutani, vifungu vilivyovuka bajeti vina nyekundu, vilivyobaki chini vina kijani, basi watu wote wanaikimbilia nyekundu. Mwenye nyekundu anahojiwa nusu saa, mwenye kijani anapongezwa, kikao kinafungwa. Wakati hela nyingi iliyokaa vibaya mara kwa mara imelala kwenye ile kijani, na hakuna aliyeiuliza.

Ngoja nichukue mfano mmoja tuende nao taratibu. Tuseme ni mradi mdogo wa visima vijijini, mwaka wa fedha unaanza Julai mpaka Juni kama ilivyo kwa serikali, na tunaangalia nusu ya kwanza, Julai mpaka Desemba. Namba ni za mfano nilizopanga mwenyewe, zote ni milioni za shilingi.

| Kifungu | Bajeti | Halisi | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Mishahara | 54.0 | 54.6 | +0.6 |
| Uchimbaji visima | 80.0 | 84.8 | +4.8 |
| Mafunzo vijijini | 24.0 | 9.5 | -14.5 |
| Mafuta na magari | 9.0 | 12.6 | +3.6 |
| Posho za safari | 8.0 | 7.4 | -0.6 |
| Vifaa vya ofisi | 1.2 | 1.9 | +0.7 |

Jumla bajeti ni 176.2, matumizi 170.8, yaani tuko chini kwa milioni 5.4, kama asilimia 3 tu. Ukimpa mtu hiyo jumla peke yake atasema mradi unaenda vizuri sana, na ndo maana chati lazima ioneshe kifungu kwa kifungu, kwa sababu ile 14.5 ya mafunzo imefunika kila kilichovuka.

Kwanza tukubaliane alama. Mimi natoa halisi kutoa bajeti, kwa hiyo jumlisha maana yake tumevuka na baa inaenda kulia, na kutoa maana yake tumebaki chini na baa inaenda kushoto. Wengine wanageuza na sio kosa, ila chagua moja uibakize miaka yote, na iandike juu ya chati kwa maneno ya kawaida, "kulia tumevuka bajeti, kushoto hatujatumia". Na mapato usiyachanganye humo, maana mapato yakizidi bajeti ni habari nzuri na rangi ileile ya kuvuka itamdanganya msomaji, yatengenezee chati yake.

Sasa rangi. Watu wengi wanapaka kila baa, ikizidi hata kwa laki moja inakuwa nyekundu. Kwenye mfano wetu mishahara imezidi kwa asilimia 1, hiyo haina cha kujadili, lakini ukiipaka rangi sawa na mafuta yaliyozidi kwa asilimia 40 umeshawaambia watu zina uzito mmoja. Mimi naweka rangi tatu: chungwa kwa iliyovuka, bluu kwa iliyobaki chini, na kijivu kwa tofauti ndogo isiyohitaji maelezo. Nyekundu na kijani nimeacha kabisa, kwanza kuna watu, hasa wanaume, macho yao hayatenganishi hizo rangi mbili, pili zinakuja na hukumu tayari, nyekundu ubaya na kijani uzuri, na hukumu ndo hasa sitaki chati iitoe kabla hatujauliza. Chungwa na bluu zinasema upande tu. Halafu ripoti za bodi zinatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo upande wa baa na ile alama ya + au - kwenye lebo ziwe zinatosha kusomeka hata rangi ikipotea.

Mpaka wa kijivu unaupataje? Asilimia peke yake inakuangusha: vifaa vya ofisi vimezidi kwa asilimia 58, inatisha, lakini ni laki 7 tu. Shilingi peke yake nayo inakuangusha, kwa mradi mkubwa kila kitu kitapita milioni moja. Ninachofanya: kifungu kinapata rangi kama tofauti yake, juu au chini, imezidi milioni 1 na wakati huohuo imezidi asilimia 10 ya bajeti yake, AU tofauti ikizidi milioni 3 bila kujali asilimia. Hicho kipande cha mwisho ndo kinaibua uchimbaji, ambao ni asilimia 6 tu lakini ni karibu milioni 5. Hizo namba ni za mradi huu, wewe anza na mkataba wa mfadhili wako unaruhusu kuvuka kiasi gani kabla ya kuomba kibali.

Kwenye Excel, bajeti ikiwa kolamu B na halisi kolamu C, fomula za mstari wa kwanza ni hizi:

```
D2: =C2-B2
E2: =IF(OR(AND(ABS(D2)>1,ABS(D2)>0.1*B2),ABS(D2)>3),1,0)
F2: =IF(AND(E2=1,D2>0),D2,0)
G2: =IF(AND(E2=1,D2<0),D2,0)
H2: =IF(E2=0,D2,0)
```

Angalia kwenye E2 nimezidisha bajeti kwa 0.1 badala ya kugawanya tofauti kwa bajeti. Ni kwa sababu kuna siku kitaingia kifungu ambacho hakikuwa na bajeti kabisa, B ni sifuri, ukigawanya unapata `#DIV/0!` na hicho kifungu kinapotea kwenye chati, wakati matumizi yasiyokuwa na bajeti ndo ya kwanza kuulizwa.

Chagua majina kolamu A pamoja na F, G na H, weka `Stacked Bar`, halafu F ipake chungwa, G bluu, H kijivu. Kwa kuwa kila kifungu kina namba kwenye kolamu moja tu kati ya hizo tatu, baa hazipandani. Majina ya vifungu yatakuwa yanakatizwa na baa za kushoto, yasogeze kwa kuweka `Label Position` iwe `Low`. Lebo za sifuri zitajaa kila mahali, zinaondoka kwa kuandika `+0.0;-0.0;` kwenye namba za lebo. Na panga vifungu kwa ukubwa wa tofauti, sio kwa namba za leja, ili jicho lisitafute.

Chati ikitoka unaona chungwa mbili, uchimbaji na mafuta, bluu moja kubwa ya mafunzo, na vijivu vitatu. Hapa wengi wanatuma. Mimi hapa ndo naanza, naanza na ile bajeti yenyewe, ile 24 ya mafunzo na 80 ya uchimbaji zimetoka wapi? Kwenye mfano huu bajeti ya mwaka ya mafunzo ni 48 na ya uchimbaji ni 160, mtu kagawa kwa miezi 12 sawasawa akachukua sita. Mishahara unaweza kuigawa hivo, inalipwa kila mwezi. Mafunzo na visima haviendi hivo.

Mafunzo mpango ulikuwa semina 6 kwa mwaka, kila moja milioni 8, na mpango kazi unaonesha 2 tu kabla ya Januari, 4 baadaye. Kwa hiyo bajeti halali ya mpaka Desemba ni 16, sio 24. Halafu ukiuliza ofisi ya manunuzi unakuta semina ya pili ilifanyika Desemba, oda ya manunuzi, yaani LPO, ya ukumbi na chakula ya milioni 4 ipo, invoisi ndo haijalipwa, na leja yetu inahesabu hela iliyotoka tu. Ongeza hiyo 4 kwenye 9.5 unapata 13.5. Tofauti inabaki -2.5, kutoka -14.5. Yaani sehemu kubwa ya ile baa ndefu ya bluu ilikuwa kalenda na makaratasi, na iliyobaki ni unafuu wa kweli kwenye semina mbili zilizofanyika, ambao bado ni karibu asilimia 16 kwa hiyo bluu inabaki, fupi.

Uchimbaji ndo pazuri kuliko pote. Mpango ulikuwa visima 10 kwa milioni 16 kila kimoja, kuchimba tu bila pampu, na 6 vilitakiwa viwe vimeisha kabla mvua hazijaharibu barabara za kupitisha mtambo. Bajeti halali ni 96. Tumetumia 84.8, kwa hiyo ghafla uchimbaji sio chungwa tena, ni bluu, -11.2! Mkurugenzi akiona hiyo anapumua. Sasa uliza swali moja tu, visima vingapi vimechimbwa? Vitano. Gawa 84.8 kwa 5 unapata milioni 16.96 kwa kisima, karibu milioni moja juu ya bei ya mpango. Ile -11.2 imejengwa na vitu viwili vinavyovutana: kisima kimoja hakijachimbwa, hiyo ni -16, na vitano vilivyochimbwa vimezidi bei, hiyo ni +4.8. Bluu imemeza chungwa. Bei ikibaki hivo, visima 10 vitamaliza mwaka vikiwa vimezidi kwa milioni 9.6, na kile kimoja kilichochelewa kitasubiri barabara zikauke.

Kwa kifungu kama hicho baa moja haitoshi, nakigawa mistari miwili kwenye chati ileile, "uchimbaji: idadi" inayoenda kushoto na bluu yake, na "uchimbaji: bei" inayoenda kulia na chungwa yake. Bodi inaona zote mbili kwa mara moja, na mazungumzo yanahamia pale panapostahili: mkandarasi analipwa kwa mita, je, tunachimba kwenda chini zaidi ya upimaji ulivyosema, au bei ya mita imepanda? Jibu la hilo lipo kwenye ripoti za uchimbaji za kila kisima, kuna kina kimeandikwa, na unaweza kulipata kabla ya kikao.

LPO ambazo hazijalipwa nazipa bluu iliyofifia pembeni ya bluu kamili, ili mtu aone kwamba hiyo hela tayari ina mwenyewe, maana nimeona meneja anaona salio la milioni 14 kwenye mafunzo Januari akaanza kuipangia safari, invoisi ya ukumbi ikaja wiki mbili baadaye. Na chini ya kila baa yenye rangi naandika sentensi moja, ni ya muda au ni ya kudumu, na kama ni ya muda itajisawazisha mwezi gani. Mwezi huo ukifika baa ikiwa bado ipo palepale, sentensi inabadilishwa na anayesimamia kifungu anaandika mwenyewe kwa nini.