Plasebo ikituliza maumivu, haina maana kwamba mgonjwa aliigiza

Kauli inayonichosha kuliko zote katika kliniki ya maumivu husemwa na ndugu wa mgonjwa na, kwa aibu yetu, na baadhi ya wahudumu: "Kachomwa maji ya chumvi akatulia, basi hakuwa na maumivu." Anayesema hivyo ameigeuza plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato cha tiba, kuwa kipimo cha ukweli wa mgonjwa, kazi ambayo haiwezi kuifanya.

Utafiti uliochapishwa na Levine, Gordon na Fields mwaka 1978 unaonyesha kwa nini. Wagonjwa wao walikuwa wameng'olewa magego ya mwisho yaliyokwama ndani ya taya, na sidhani kuna mtu atakayedai kwamba kidonda cha namna hiyo ni cha kufikirika. Baada ya kudungwa plasebo, wapo waliopata nafuu na wapo ambao hawakupata. Baadaye walidungwa naloksoni bila kujua ni nini. Hii ni dawa ile ile ya kumzindua mtu aliyezidisha heroini, kwa kuwa huziba vipokezi vya afyuni. Waliokuwa wamepata nafuu maumivu yaliwapanda, hali wale wengine hayakuwazidi. Kama nafuu ile ingekuwa maneno ya kumfurahisha daktari, naloksoni isingekuwa na kitu cha kuziba. Ilichokizuia ni endofini, yaani afyuni ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe.

Matarajio ya nafuu huamsha sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupeleka amri kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo taarifa za maumivu hupunguzwa zikiwa bado kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg waliona kupungua huko kwenye uti wa mgongo katika picha za MRI. Endofini si njia pekee, maana ipo nafuu ya plasebo ambayo naloksoni haiigusi, hasa kwa mtu aliyezoeshwa kwanza ketorolaki, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya afyuni.

Wengine hudhani kwamba lazima mgonjwa adanganywe. Mjini Lisbon, wenye maumivu sugu ya mgongo waliambiwa wazi kwamba vidonge vyao ni plasebo, na bado walipata nafuu, kama ilivyochapishwa mwaka 2016. Wanaodhani kwamba plasebo huponya nao wamekosea, kwa sababu haiungi mfupa wala haisinyazi uvimbe.

Dhana ya mwisho ni kwamba matarajio hayaigusi dawa halisi. Katika jaribio la Bingel na wenzake la mwaka 2011, watu wenye afya waliochomwa kwa joto walikuwa wakipewa remifentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwa mfululizo. Walipoambiwa kwamba imesimamishwa, ilhali ilikuwa bado inaingia mshipani kwa kiwango kile kile, nafuu yake ilitoweka. Ndiyo maana nawasisitizia wauguzi wamtajie mgonjwa dawa anayopewa na wakati itakapoanza kufanya kazi.