Wimbo ni wa Kale, Rekodi ni ya Juzi: Kuchagua Sauti za Klipu za Ibada

Kazi yangu ni kukagua sauti za video za dini kabla hazijapandishwa mtandaoni, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Si wimbo wa kanisani tu huu, nani atadai?" Upande wa kaswida swali ni lile lile, na nyongeza kwamba mwimbaji mwenyewe alisema ameimba kwa ajili ya Allah. Mimi hujibu kwa swali: unazungumzia wimbo, au rekodi uliyoipakua?

Maana pale pana mali zaidi ya moja. Kuna maneno, kuna tuni, kuna tafsiri kama maneno yalitoka lugha nyingine, kuna mpangilio wa sauti, na juu ya hayo yote kuna rekodi yenyewe. Kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe na muda wake. Katika nchi nyingi maneno na tuni hulindwa maisha yote ya mtunzi, kisha miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Rekodi ina hesabu yake tofauti. Kwaya iliyorekodi mwaka jana wimbo wenye umri wa miaka 200 haimiliki wimbo, lakini rekodi ile ni yake kabisa.

Tuchukue wimbo ambao karibu kila kwaya inaujua, "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa". Watu wengi huuhesabu kuwa wa kale, na kwa sehemu wako sahihi. Shairi la asili liliandikwa kwa Kiswidi na Carl Boberg mwaka 1885, naye alifariki mwaka 1940. Tuni yake ilitokana na wimbo wa kienyeji wa Uswidi na ilichapishwa karne ya 19. Hadi hapo ungeweza kusema hakuna wa kudai. Lakini dunia nzima iliujua kupitia Kiingereza cha Stuart Hine, "How Great Thou Art", kilichotoka mwaka 1949, na Hine alifariki mwaka 1989. Ukihesabu miaka 50, ulinzi wa maneno yake unafika mwisho wa 2039. Ukihesabu 70, mwisho wa 2059.

Sasa fungua kitabu chako cha nyimbo uangalie ubeti unaosema Mungu alimtoa Mwanawe afe msalabani. Ubeti huo ni wa Hine mwenyewe. Ukiukuta katika Kiswahili chako, ujue tafsiri hiyo imepitia mkononi mwake, na aliyetafsiri naye huenda ana haki juu ya tafsiri. Kwa hiyo klipu yenye maneno hayo inahitaji leseni hata kama walioimba ni vijana wako. Ukitaka kuupiga kwa kinanda bila maneno, anza na tuni ya zamani ya Kiswidi na uipangie sauti mwenyewe, usifuate mpangilio wa Hine.

Linganisha na "Amazing Grace". Maneno ya John Newton yalichapishwa mwaka 1779, na tuni tunayoijua iliunganishwa nayo mwaka 1835. Hakuna aliyebaki na haki juu ya hivyo viwili. Ila sikiliza vizuri toleo unalolifuata: Chris Tomlin aliongeza kiitikio kipya mwaka 2006, na kiitikio hicho kina wenyewe. Nimeona vikundi vinarekodi toleo hilo vikiamini vinaimba wimbo wa karne ya 18. Jaribio langu ni rahisi: chukua kitabu cha zamani kilichochapishwa, pitia ubeti kwa ubeti. Kisichokuwemo kitabuni, kitoe.

Kwa nashidi, mfano mzuri ni "Tala'al Badru 'Alayna". Beti zake zimeimbwa kwa karne nyingi, hakuna wa kukudai kwa sababu ya maneno hayo. Tatizo huanza pale unapochukua toleo la studio. Matoleo mengi ya kisasa huongeza beti mpya, tafsiri, au sauti zilizopangwa kwa tabaka. Kutokuwa na ala hakuipunguzii rekodi haki: sauti tupu za binadamu ni rekodi kama rekodi nyingine. Hata kisomo cha Qur'ani kiko hivyo. Aya hazina mwenye hakimiliki, lakini rekodi ya msomaji na tafsiri ya kisasa unayoiweka chini ya video vinaweza kuwa na wenyewe.

Na lile neno la "nimeimba kwa ajili ya Allah, sambazeni"? Mimi silihesabu kuwa leseni. Kusambaza rekodi kama ilivyo ni jambo moja. Kuikata, kuiweka chini ya picha zako na kuruhusu matangazo ni jingine. Muombe mwimbaji kwa maandishi, ukitaja jina la rekodi, unachotaka kuifanyia, majukwaa gani, na kama kutakuwa na mapato. Halafu umuulize swali ambalo wengi hulisahau: nani anakusambazia kazi zako? Mara nyingi msambazaji ndiye aliyeisajili rekodi kwenye mfumo wa utambuzi wa YouTube, Content ID. Mwimbaji anaweza kukuruhusu kwa moyo mweupe, na dai likakujia vilevile kwa sababu mashine haijui makubaliano yenu. Mwambie amwombe msambazaji aiondolee chaneli yako madai ya rekodi hiyo kabla hujapandisha.

Wanaokimbilia leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu watu waitumie kwa masharti aliyoyachagua, nao wana mtego mmoja. Wanaona alama `CC BY-ND`, wanajiambia, "Sibadilishi chochote, naweka wimbo mzima." Masharti ya toleo la 4.0 yanasema waziwazi kwamba kuoanisha muziki na picha zinazotembea tayari ni kuunda kazi mpya inayotokana na ule wa awali, na `ND` inakataza kuisambaza kazi ya namna hiyo. Kwa video, basi, `ND` haikufai hata kidogo. `BY-SA` inaruhusu, ila video yako nayo itabidi itolewe kwa masharti yale yale. `BY-NC` inakufunga upande wa mapato. Mimi hutafuta `CC0`, isiyo na masharti, au `CC BY`, inayotaka tu umtaje mwenye kazi, na nikitumia `CC BY` naandika kwenye maelezo jina la msanii, jina la kazi, leseni na kiungo chake. Napiga pia picha ya ukurasa siku ninayopakua, kwa sababu wenye kazi hubadilisha kurasa zao.

Neno moja kuhusu leseni za kanisa. Sheria ya Marekani inaruhusu kuimba nyimbo za dini ndani ya ibada bila leseni, lakini ruhusa hiyo inaishia pale mahali pa ibada. Haiifuati video mtandaoni. Leseni ya kurusha ibada moja kwa moja nayo isome hadi mwisho, kwani nyingi zinahusu wimbo mnaoimba wenyewe, siyo rekodi ya studio mnayoicheza kwenye spika.

Ukifanya yote sawasawa, bado dai linaweza kuja. Content ID hutambua hata tuni, kwa hiyo "Amazing Grace" uliyoipiga mwenyewe inaweza kufananishwa na rekodi ya mtu mwingine. Fungua dai uangalie linadai nini, rekodi au utunzi, na kuanzia dakika ipi. Dai la namna hii kwa kawaida si onyo juu ya chaneli. Linagusa mapato au linaizuia video. Pinga ukieleza nani aliimba, lini, na kwamba maneno na tuni ni vya mwaka gani. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai huondoka. Faili za awali za kurekodi, kila sauti peke yake kabla ya kuchanganywa, ndizo ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa hiyo usizifute baada ya kutoa klipu.